Nafsi ya Kwanza katika Agizo la Picha za Mwendo

Tangu Februari 2024, kampuni ya OpenAI ilipouonyesha ulimwengu mtambo wake uitwao Sora, watu wengi wamejifunza kuandika maneno machache na kupata filamu fupi iliyotengenezwa na kompyuta. Maneno hayo yataitwa hapa agizo. Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la agizo hilo, nalo ni namna ya kuipata nafsi ya kwanza, yaani filamu ambayo mtazamaji huona kama kwamba macho yake mwenyewe ndiyo yaliyo njiani.

Katika Kiswahili kiambishi ni- chatosha kumweka msimulizi ndani ya tendo. Asemaye "ninateremka" haachi shaka juu ya nani anayeteremka. Lakini kiambishi hicho hakina sura, na mtambo wa picha hujua sura tu. Umefundishwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maelezo yake, na palipotajwa mtu anayeendesha baiskeli, picha nyingi zilimwonyesha mtu huyo. Kwa hiyo, tuseme mwandishi ameandika hivi: "Ninateremka mlima kwa baiskeli, nimevaa helmeti yenye kamera." Mara nyingi atapata filamu ya mtu mwenye helmeti akionekana kutoka nyuma. Neno lililomponza ni helmeti. Aliyeivaa haioni, anayeiona ni mwingine. Hivyo kanuni ya kwanza ni kutaja yale tu yanayoonekana kutoka mahali pa kamera. Hata kukanusha, kama vile "mwendeshaji asionekane", hakutegemeki, kwa maana kulitaja jambo huenda kukaliita.

Kinachobaki cha mwili wa mwendeshaji ni mikono na usukani ukingoni mwa chini wa picha, pamoja na sehemu ya gurudumu la mbele. Hivyo ndivyo vinavyochukua nafasi ya ni-. Hata hivyo, lazima ielezwe jinsi vinavyokwenda. Kamera iliyofungwa kwenye usukani huuonyesha usukani umetulia tuli, huku dunia yote ikitetemeka. Kamera ya kichwani ni kinyume chake: kichwa kikigeuka, usukani huhama katika picha, na mtikisiko wa njia huwa laini zaidi kwa sababu mikono na shingo vimeupunguza. Tena mwendeshaji hutazama mwisho wa kona kabla baiskeli haijapinda. Agizo lisipoyasema hayo, usukani hugandamana na picha, na hisia ya helmeti hupotea ingawa kila kitu kingine ni sahihi.

Jambo la pili ni muda. Chukua mfano wa barabara iteremkayo kutoka Iten kwenda Tambach, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Mwandishi hushawishika kuagiza mteremko mzima hadi bondeni. Lakini tuseme filamu ni ya sekunde 8. Baiskeli iendayo kilomita 40 kwa saa hupita kama mita 11 kwa sekunde, yaani mita 89 hivi kwa muda wote huo. Mita hizo zatosha kona moja tu. Akiagiza zaidi, mtambo huweza kuikatakata safari vipande vipande au kuiharakisha kupita kiasi.

Agizo lililorekebishwa laweza kuwa hivi:

"Picha moja isiyokatika, kutoka usawa wa macho, lenzi ya pembe pana. Chini ya picha, mikono miwili yenye glavu imeshika usukani, vidole viwili juu ya kila breki. Barabara nyembamba ya lami inateremka. Baiskeli iko upande wa kushoto wa njia. Kulia ni ukuta wa mwamba mwekundu, kushoto ni bonde lenye ukungu. Mtazamo unageuka kulia kuelekea mwisho wa kona, usukani unahamia kushoto mwa picha, kisha baiskeli inalala kulia na kuifuata kona. Mtikisiko mwepesi. Mwanga wa asubuhi. Sauti ya upepo na matairi."

Katika agizo hili hakuna "mimi" wala helmeti, lakini nafsi ya kwanza imo. Upande wa kushoto umetajwa kwa sababu nchi nyingi huendesha kulia, na mtambo ukiachiwa uamuzi waweza kufuata desturi ya walio wengi.

Filamu ikishapatikana, itazamwe usukani kwanza. Ukiwa umeganda, sentensi ya mtazamo kugeuka ndiyo ya kuimarishwa. Akitokea mtu mbele, yatafutwe maneno yaliyomtaja. Libadilishwe jambo moja kwa kila jaribio, ama sivyo haitajulikana ni neno lipi lililoleta badiliko. Aidha, agizo lilo hilo laweza kutoa filamu tofauti kila litumikapo, na pengine mkono wa tatu utachomoza kwenye breki. Kosa la namna hiyo ni udhaifu wa mtambo, na huenda likatoweka agizo lilo hilo likirudiwa. Bali kosa la nafsi ni la mwandishi, nalo husahihishwa kwa kalamu.