Kituo ni Malinyi: Namna ya Kumwambia Mwajiri Kwamba Utakwenda

Barua nyingi za kuomba kazi za fildi humalizika kwa sentensi ileile: "Niko tayari kufanya kazi mahali popote nchini na katika mazingira yoyote." Anayezichambua huisoma mara nyingi kwa siku moja, hadi ikaacha kumwambia lolote. Kinachomtia wasiwasi ni mwajiriwa aliyekwishamwona kabla: aliripoti kituoni kwa bashasha, masika yakaanza, na tangu hapo kila Ijumaa ana udhuru wa kwenda mjini. Kabla mwaka haujaisha ameomba uhamisho. Mwajiri anabaki na vikundi vya wakulima visivyotembelewa na nafasi ya kutangaza upya.

Tuchukue tangazo la aina inayoonekana mara kwa mara. Shirika linatafuta afisa wa fildi wa mradi wa mpunga. Kituo cha kazi ni Malinyi, mkoani Morogoro, na mwombaji "awe tayari kusafiri asilimia 60 ya muda wake". Mwombaji wetu ni mama wa mtoto mmoja anayeishi Morogoro mjini. Amesomea kilimo, na kwa miaka miwili amehudumia wakulima wilayani Kilosa.

Tangazo hilo lina madai mawili, na wengi huyajibu kana kwamba ni moja. Kuhamia Malinyi ni suala la makazi: utapanga chumba huko na maisha yako yatakuwa huko. Kusafiri asilimia 60 ni suala la ratiba baada ya kuhamia. Mwezi una siku za kazi zipatazo 22, kwa hiyo asilimia hiyo ni kama siku 13 nje ya ofisi, takriban siku tatu kila wiki. Hapo bado hujajua kama utarudi jioni au utalala kijijini, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko asilimia yenyewe. Wapo wanaopenda safari lakini hawawezi kuhama. Wapo pia waliohama kwa moyo mweupe, kisha wakachoshwa na kulala kila wiki katika nyumba ya wageni isiyo na maji. Barua ijibu yote mawili, kila moja kwa sentensi yake.

Kisha iulize nafsi yako: Malinyi ni wapi hasa? Kutoka Morogoro unapita Mikumi, unashuka Kidatu hadi Ifakara, unavuka Mto Kilombero kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, unaendelea kupitia Lupiro. Bonde lile hujaa maji mvua zinapokolea, hasa Machi na Aprili, na njia za kwenda vijijini huwa tope tupu. Msaili anayejua kazi yake atauliza: "Mwezi wa nne, gari halipiti, una kikundi Ngoheranga. Utafanyaje?" Anayejibu "nitajitahidi" amekwisha kujulikana. Anayesema kwamba vikao vya kijiji kile angevimaliza kabla ya Machi, na kwamba katika wiki za mafuriko angefanya kazi kwa simu na mkulima kiongozi, ameshaonyesha kwamba anaijua kazi.

Mwombaji wetu basi aandike nini? Aya kama hii inatosha:

"Nimeelewa kwamba kituo ni Malinyi na kwamba kazi inahitaji kulala vijijini. Niko tayari kuhamia Malinyi ndani ya wiki mbili baada ya kusaini mkataba. Kwa miaka miwili nimehudumia vikundi vya wakulima Kilosa, nikilala nje ya kituo changu kati ya usiku nane na kumi kila mwezi. Naendesha pikipiki na nina leseni hai ya daraja A."

Hakuna neno la sifa hapo, na kila sentensi inaweza kukaguliwa. Mdhamini wake wa Kilosa akipigiwa simu ataulizwa kuhusu zile siku za kulala nje, na leseni itaombwa siku ya usaili. Wasifu nao ni lazima ukubaliane na barua. Mtu anayejitangaza kuwa ni wa kwenda popote, huku kazi zote alizoorodhesha ni za mjini, anajipinga mwenyewe. Kama uzoefu wako wa fildi ni wa mafunzo kwa vitendo tu, utaje wilaya, muda na ulichokifanya. Hilo ni dogo, lakini ni la kweli.

Angalia pia kilichoachwa. Mtoto hakutajwa, wala mume. Mwajiri anahitaji kujua utaratibu wako. Sababu zilizo nyuma yake ni zako. Hata hivyo wanawake hasa huulizwa kwenye usaili, "Mumeo anasemaje?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia, lakini kunukuu sheria mbele ya meza ya usaili mara chache humsaidia mtu. Jibu linalofunga mjadala ni la utaratibu: "Nitaanza peke yangu. Shule ikifunguliwa Januari, mtoto atahamia Malinyi. Hadi wakati huo yuko kwa bibi yake." Baada ya hapo msaili hana la kuchokonoa.

Mpaka ulio nao uuseme mapema ikiwa unagusa kiini cha kazi. Hujui pikipiki na tangazo linaidai? Iandike barua hivyo, na ueleze umefikia wapi katika mafunzo, kama kweli umeanza. Mambo madogo, kama tarehe ya kuhama au mwisho wa wiki mmoja wa kwenda nyumbani kila mwezi, yasubiri hadi utakapopewa nafasi. Ukiyaweka kwenye barua yanasomeka kama masharti.

Kuna ujanja mmoja ambao ningeuepuka kabisa. Baadhi ya waombaji huandika anwani ya ndugu aliye karibu na kituo, tuseme mjomba wa Ifakara, ili waonekane ni wenyeji. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi, yakiwemo mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Mambo hayo mawili hayako pale kwa kupamba karatasi. Mkataba ukiisha mahali tofauti na ulipoajiriwa, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa, au alipe usafiri huo, au angalau akupe posho isiyopungua nauli ya basi, pamoja na fedha za kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Sasa kama karatasi zote zinasema uliajiriwa ukiwa mwenyeji wa huko huko, siku ya kurudisha kitanda na jokofu Morogoro utakuwa unabishana ukiwa na ushahidi dhidi yako ulioandika kwa mkono wako.

Mwombaji wetu aliandika Morogoro, na Morogoro ndiyo iandikwe kwenye mkataba. Kabla ya kusaini atafute pia kifungu kinachosema mwajiriwa anaweza kuhamishiwa kituo chochote nchini. Barua yake iliahidi Malinyi tu, kwa hiyo ana haki ya kuuliza uhamisho wa aina hiyo hutolewa kwa notisi ya muda gani, na gharama za lori la mizigo hulipwa na nani.