Kebo ya HDMI na Gigabiti za Kwenye Boksi

Ingia duka lolote la elektroniki Kariakoo au Luthuli Avenue uombe kebo ya HDMI. Utatolewa mbili tatu zilizoandikwa maneno yaleyale: "8K", "HDMI 2.1", "48Gbps". Moja inauzwa bei ya soda chache, nyingine mara tano ya hiyo. Muuzaji atakwambia zote ni moja, tofauti ni jina tu. Kwa mtu anayetazama taarifa ya habari na tamthilia, ana haki kusema hivyo. Kwa mtu aliyenunua televisheni ya 4K yenye 120Hz ili acheze gemu, maneno hayo yatamgharimu.

Tuanze na hesabu. Picha moja ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana na 2,160 kwenda chini, jumla karibu milioni 8.3. Skrini ikionyesha picha 120 kila sekunde, hizo ni karibu pikseli bilioni moja. Kwa rangi za HDR kila pikseli huchukua biti 30, kwa hiyo picha peke yake inahitaji karibu gigabiti 30 kwa sekunde. Juu yake kuna nafasi zinazoachwa kati ya picha na picha, pamoja na biti za ziada zinazosaidia upande wa pili kusoma mawimbi bila kukosea. Ukijumlisha vyote unafika kama gigabiti 40.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa 4K ya 60Hz yenye rangi za kawaida za biti 24. Unapata gigabiti 17.82. Kebo nzuri za kizazi kilichopita zilitengenezwa kubeba 18, kwa hiyo zinaimudu kazi hiyo bila hata dalili ya kuchoka. Ndiyo maana watu wengi wanaapa kwamba kebo yao ya zamani "inavuta 4K". Kweli inavuta, lakini kwa rangi kamili 60Hz ndiyo mwisho wake.

Ndani ya kebo kuna jozi nne za waya zinazobeba picha. Katika mfumo wa zamani, jozi tatu zilibeba data na ya nne ilikuwa saa tu, inayopiga mdundo wa polepole ili pande mbili ziende pamoja. Toleo la 2.1 la HDMI, lililotoka mwaka 2017, liliiondoa saa hiyo na kuigeuza jozi ya nne kuwa njia ya data kama wenzake, kila moja ikibeba hadi gigabiti 12. Kwa hiyo kila jozi inasukumwa mara mbili ya zamani, na jozi iliyokuwa na kazi nyepesi sasa ina kazi nzito sawa na nyingine. Kiwanda kilichobana matumizi kwenye shaba au kwenye karatasi ya bati inayokinga jozi hizo hakiwezi kuficha jambo hilo tena. Wino wa kuandika "48Gbps", lakini, haupandi bei.

Basi namba iliyochapwa kwenye boksi isikushughulishe. Namba za matoleo, kama 2.0 na 2.1, ni za televisheni, kompyuta na mashine za gemu. Kebo hutambulishwa kwa jina la daraja lake, na daraja la gigabiti 48 jina lake ni "Ultra High Speed HDMI Cable". Jina hilo linapaswa kuwa limechapwa kwenye gamba la kebo yenyewe, na boksi liwe na kibandiko rasmi chenye msimbo wa QR na alama ya usalama. Usiuskani msimbo huo kwa kamera ya kawaida, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuchapa QR inayofungua tovuti nzuri. Pakua programu rasmi iitwayo HDMI Cable Certification, kisha skani kabla hujalipa. Majibu yanayorudi yalinganishe na ulichoshika mkononi: chapa, modeli na urefu.

Urefu una uzito wake hapo, maana kila urefu hupimwa peke yake. Kebo ya mita mbili ikifaulu, ndugu yake ya mita tano haijafaulu kwa niaba. Shaba hupoteza nguvu ya mawimbi kadiri inavyorefuka, na kwa kasi hii upotevu ni mkubwa. Kebo za shaba tupu zenye kibandiko cha kweli nyingi ni za mita tatu au chini yake, chache zinafika mita tano. Ukiona kebo nyembamba ya mita kumi, isiyo na kifaa chochote cha kielektroniki ndani yake, imeandikwa 48, irudishe kwenye msumari. Mbali kama huko panahitaji kebo ya nyuzi za kioo, ambayo ina upande wa mashine na upande wa televisheni, na ukiigeuza haionyeshi kitu.

Dhahabu kwenye ncha nayo haiongezi hata biti moja. Inazuia kutu, faida ya kweli kwa anayekaa Mombasa au Unguja karibu na hewa ya chumvi.

Tuseme umeshainunua, kompyuta ina kadi ya picha ya kisasa na televisheni inapokea 4K ya 120Hz. Unachomeka, unachagua 120Hz, picha inakuja. Wengi huishia hapo na kuisifu kebo, na hapa ndipo wanapopotea. Mashine ikishindwa kupata njia pana, inaweza kupunguza rangi badala ya kupunguza kasi: kila pikseli inabaki na mwanga wake, lakini pikseli nne zinagawana rangi moja. Mzigo unashuka hadi ukaenea kwenye kebo ya gigabiti 18, na skrini bado inaandika 120Hz bila kusema uongo.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha System, Display, Advanced display. Tazama mstari wa rangi. Ukikuta RGB na 10-bit kwenye 120Hz, njia ni pana kweli. Ukikuta YCbCr420, rangi imekatwa. Hata jicho linaona: andika maneno madogo mekundu juu ya rangi ya bluu, na kingo za herufi zitakuwa na ukungu.

Kebo iliyo kwenye ukingo wa uwezo wake ina dalili nyingine. Skrini inazimika sekunde mbili kisha inarudi, hasa gemu linapoanza, au vinukta vyeupe vinametameta kwenye sehemu za giza. Usitafute dalili kwenye uzuri wa rangi. Mawimbi haya ni ya kidijitali, na kebo ya bei kubwa haiwezi kufanya nyekundu iwe nyekundu zaidi.

Kabla ya kuilaumu, kagua televisheni. Nyingi zina tundu mbili tu zinazopokea 120Hz kati ya nne, na mara nyingi lazima uwashe mpangilio wake: Samsung huuita Input Signal Plus, LG huuita HDMI Deep Colour. Wenye PlayStation 5 wakumbuke pia kwamba mashine hiyo haitumi zaidi ya gigabiti 32, kwa hiyo ikionyesha YUV422 kwenye 4K ya 120Hz yenye HDR, kebo haina kosa. Nayo inauzwa na kebo ya daraja hili ndani ya boksi. Ukiwa na wasiwasi na kebo mpya, chomeka hiyo mahali pake, tundu lilelile na mpangilio uleule. Tatizo likiondoka, rudisha kebo dukani. Likibaki, rudi kwenye tundu na mipangilio.