Kimelea Ndani ya Seli Nyekundu

Mtoto ametibiwa malaria, homa imeshuka, lakini viganja bado vyeupe na anahema akipanda ngazi. Damu yake imekwenda wapi?

Kimelea cha falsiparamu hujificha ndani ya seli nyekundu, hula himoglobini yake, na baada ya saa 48 hivi huipasua ili watoto wake wavamie seli nyingine. Hizo zilizopasuka, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya hasara. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja damu, huondoa pia seli nyingi ambazo hazikuwa na kimelea, huku uboho wa mifupa ukizorota kutengeneza mpya. Ndiyo maana upungufu wa damu huweza kuendelea hata vimelea vikishakufa.

Mwaka 1949, Anthony Allison alipima damu za watu nchini Kenya. Aliona kwamba chembe ya selimundu imeenea pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbu wengi, na ni adimu nyanda za juu.

Aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja huambukizwa kama wengine. Ila seli yenye kimelea hupungukiwa oksijeni, hujikunja, na bandama huiondoa mapema kabla vimelea havijazaana sana. Hivyo malaria kali humpata kwa nadra. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa wa selimundu, na kwake malaria ni hatari kubwa: anahitaji dawa za kinga.