Hisa Zako Zimebaki, Wewe Umetolewa

Wafanyabiashara wawili wa mazulia ya Kiajemi jijini London, Ebrahimi na Nazar, walikuwa washirika tangu miaka ya 1940. Walisimamia biashara pamoja na kugawana faida nusu kwa nusu. Mwaka 1958 waliigeuza biashara hiyo kuwa kampuni binafsi, kila mmoja akachukua hisa 500. Haikupita muda mrefu George, mtoto wa Nazar, naye akaingizwa. Kila mzee akampa kijana hisa 100 kutoka katika zake, naye akawa mkurugenzi wa tatu.

Tazama hesabu ilivyobadilika. Ebrahimi alibaki na hisa 400, Nazar 400, George 200. Ebrahimi alikuwa ametoa hisa zake kwa moyo mweupe, na papo hapo akawa mdogo mbele ya baba na mtoto wenye 600. Kwa miaka kadhaa jambo hilo halikumdhuru, kwa kuwa watu walikuwa wakielewana. Mwaka 1969 maelewano yakavunjika. Baba na mwana wakaitisha mkutano mkuu, wakapiga kura, wakamwondoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi.

Uzito wa pigo hilo ulikuwa katika jambo moja ambalo watu wengi wenye kampuni za kifamilia hawalioni mpaka liwafike. Kampuni hiyo haikuwa ikilipa gawio. Faida yote ilitoka kama malipo ya wakurugenzi. Kwa hiyo aliyeondolewa kwenye ukurugenzi alikuwa ameondolewa pia kwenye faida, ingawa hisa zake 400 zilikuwa palepale kwenye daftari. Wala hakuweza kuziuza apendavyo, maana katiba ya kampuni iliwapa wakurugenzi uwezo wa kumkataa mnunuzi, na wakurugenzi sasa walikuwa ni wale wale wawili waliomtoa.

Kisheria, Nazar na mwanawe hawakukosea popote. Mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa azimio la kawaida, yaani kura zaidi ya nusu, na wao walizo nazo. Sheria za Kenya na Tanzania nazo zinatoa uwezo huo huo. Hapa ndipo wanasheria wengi wa zamani wangemwambia Ebrahimi aende nyumbani, kwani tangu kesi ya Foss dhidi ya Harbottle ya mwaka 1843 mahakama za Uingereza zilishika kwamba wengi wakiamua ndani ya kampuni, mahakama haiingilii.

Ebrahimi hakwenda nyumbani. Alishinda mbele ya jaji wa kwanza, akashindwa kwenye rufaa, kisha mwaka 1972 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, likampa haki yake. Walisema kuna kampuni ambazo nyuma ya karatasi zake ni ushirika wa watu wanaoaminiana. Ukiona zimejengwa juu ya uhusiano wa binafsi, wanahisa wote au baadhi yao wanatarajia kushiriki katika uendeshaji, na hisa haziuziki kwa mtu wa nje kwa urahisi, basi kutumia kura halali kumfungia mwenzako nje kunaweza kuwa dhuluma. Mahakama ikaamuru kampuni ivunjwe, mali iuzwe, na kila mmoja apate sehemu yake.

Ni ushindi, lakini wenye gharama kubwa. Kampuni iliyo hai inakufa, wafanyakazi wanatawanyika, na mali inayouzwa kwa haraka haifikii bei yake. Ndiyo maana sheria za leo zina njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo ambayo mwanahisa mdogo wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua kabla ya zote. Nchini Kenya iko katika kifungu cha 780 cha Sheria ya Kampuni ya 2015. Tanzania iliiweka katika kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya 2002. Mwanahisa anapeleka ombi mahakamani akieleza kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomdhuru isivyo haki. Si lazima athibitishe wizi wala udanganyifu. Jaji akiridhika, anaweza kuizuia kampuni kufanya jambo fulani, au kuruhusu kesi ifunguliwe kwa jina la kampuni dhidi ya waliokula mali yake. Agizo linaloombwa mara nyingi zaidi ni kwamba wenye hisa nyingi wanunue hisa za mlalamikaji kwa bei ya haki. Yeye anaondoka na pesa zake, na kampuni inaendelea.

Basi ugomvi unahamia kwenye bei. Tuseme kampuni nzima ina thamani ya shilingi milioni 200 nawe una asilimia 30. Kwa hesabu ya moja kwa moja unastahili milioni 60. Lakini upande wa pili utaleta mthamini atakayesema hisa zisizoweza kuamua chochote hazina mnunuzi, kwa hiyo zipunguzwe thamani, tuseme kwa theluthi. Ghafla umebaki na milioni 40. Katika kesi ya Bird Precision Bellows, mahakama za Uingereza zilisema kwamba katika kampuni iliyo kama ushirika, mtu aliyefukuzwa hapaswi kukatwa hivyo, kwa sababu hakuchagua kuuza. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Nairobi wala Dar es Salaam, bali ni hoja nzito ya kumwekea mezani. Muulize wakili wako mapema atapigania thamani ya tarehe gani, maana waliokutoa wanaweza kuwa wamehamishia wateja kwenye kampuni yao nyingine, na ukikubali ithaminiwe leo unalipwa bei ya ganda.

Njia hii ina mipaka, na wengi hugonga ukuta hapo. Katika kesi ya O'Neill dhidi ya Phillips, iliyoamuliwa mwaka 1999, mfanyakazi aliyepewa asilimia 25 ya hisa alidai kwamba mwenye kampuni alimvunjia matumaini ya kufika nusu. Alishindwa. Mazungumzo yalikuwepo, lakini makubaliano hayakufikiwa. Kukosana peke yake, au kupoteza imani kwa mwenzako, hakukupi haki ya kumlazimisha akununue. Kesi hiyo ilisema pia kwamba mwenye hisa nyingi akikupa mapema ofa ya kununua kwa bei ya haki, itakayopangwa na mtaalamu huru bila makato, nawe ukaikataa, ombi lako linaweza kutupwa. Barua ya namna hiyo ikikufikia, usiichane kwa hasira.

Ukiona gawio limekauka huku mishahara ya wakurugenzi ikipanda, hupewi taarifa za mikutano, au hisa mpya zimetolewa na asilimia yako imeshuka, anza na karatasi. Kenya omba CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa walioandikishwa. Tanzania pekua jalada la kampuni BRELA. Dai hesabu za mwaka kwa barua, na utunze nakala. Tafuta kila ujumbe wa siku mlipoanza, unaoonyesha kwamba mliahidiana kuendesha kampuni pamoja, kwa kuwa jaji hataamini ahadi ya mdomo kwa neno lako tu.

Na wewe ambaye unakaribia kusaini leo, andikeni mkataba wa wanahisa wangali mnapendana: nani atakaa kwenye bodi, na mmoja akitoka, hisa zake zitathaminiwa na nani na zitalipwa kwa muda gani.