Dira Hudanganya Ndege Ikigeuka

Ndege ndogo za Unguja kwenda Dar es Salaam wakati mwingine humpa abiria kiti cha mbele, kando ya rubani. Ukibahatika kukipata, tazama juu ya dashibodi, karibu na kioo. Utaona kijikopo chenye kimiminika ndani, na kadi ya namba inayoelea humo ikicheza taratibu. Hiyo ndiyo dira ya sumaku. Mbele ya rubani, katikati ya geji nyingine, kuna geji ya duara yenye picha ya ndege katikati na digrii zikiizunguka. Hicho ndicho kionyesha-uelekeo. Ndege ikishatulia angani, rubani huinua macho kwenye dira, hushusha kwenye geji ile, halafu hubonyeza kitufe chake na kukizungusha kidogo. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika, na baada ya robo saa hivi huirudia.

Geji mbili kwa kazi moja, kwa nini? Kwa sababu kila moja ina ugonjwa wake.

Tuanze na safari yenyewe. Kutoka uwanja wa Unguja hadi ule wa Dar es Salaam ni kilomita 73 hivi, karibu kusini moja kwa moja. Ukipima kwa rula kwenye ramani unapata digrii 182. Lakini rula inafuata kaskazini ya ramani, ile ya ncha ya dunia, ilhali dira inafuata kaskazini ya sumaku, na hizo mbili hazikai mahali pamoja. Katika pwani yetu dira huelekea kiasi cha digrii 3 magharibi ya kaskazini ya ramani. Hiyo ndiyo tofauti ya mahali: ikiwa upande wa magharibi unaiongeza, ikiwa mashariki unaitoa. Kwa hiyo 182 inakuwa 185. Kwetu ni kitu kidogo, na Nairobi ni kidogo zaidi, lakini Cape Town inafika kama digrii 25, na huko anayeisahau hafiki aendako.

Kisha kuna tofauti ya chombo. Injini ni chuma, nyaya zina umeme, redio zina sumaku, na vyote hivyo huivuta dira kila kimoja upande wake. Ndiyo maana fundi huipeleka ndege mahali palipo mbali na vyuma, huiwasha, huigeuza hatua kwa hatua mzunguko mzima, na kila hatua hulinganisha dira na mwelekeo unaojulikana. Anachoweza kukirekebisha hukirekebisha, na kinachobaki hukiandika kwenye kikaratasi kinachobandikwa chini ya dira. Tuseme kikaratasi cha ndege yetu kinasema: kwenda 180, fuata 182. Basi rubani wetu anayetaka 185 anatafuta 187 kwenye dira. Haya ni mahesabu ya kujumlisha tu, na yeyote aliyemaliza darasa la nne anayaweza.

Kazi ngumu huanza ndege inapogeuka.

Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi. Inachoma ardhi kwa mshazari, na mshazari huo huongezeka kadiri unavyokaribia ncha za sumaku. Huku kwetu ncha ya kusini ya sindano ndiyo inayovutwa chini. Kadi ya dira imening'inizwa ili uzito wake upambane na mvuto huo, kwa hiyo inapotulia uzito wake unaelemea kidogo upande wa kaskazini. Ndege ikienda sawasawa, huoni kitu. Ikigeuka, uzito ule husukumwa nje ya kona, kama abiria wa daladala wanavyoegemea upande mmoja dereva akikata kona, na kadi huzunguka nao. Ndege ikilala ubavu, kadi hulala nayo, na ule mvuto wa kwenda chini unapata nafasi ya kuipindisha zaidi.

Matokeo yake ni haya. Kwetu, ukigeuka ukiwa umeelekea kaskazini, dira hukimbia mbele na kuonyesha umegeuka kuliko ulivyogeuka kweli. Ukiwa umeelekea kusini, inabaki nyuma, na mwanzoni inaweza hata kuonyesha unageukia upande usio wako. Hata kuongeza mwendo ukielekea mashariki au magharibi huifanya idai kwamba unageukia kusini, na kupunguza mwendo huifanya idai kaskazini.

Hapa wanafunzi wa urubani wa Afrika Mashariki hupata tabu kwa sababu ya vitabu. Vitabu vya Marekani na Uingereza hufundisha kinyume cha haya yote, na kwa huko ni sahihi, maana huko ni kaskazini. Mwanafunzi wa Entebbe atakwambia na yeye yuko kaskazini ya ikweta. Ni kweli kwa ramani. Lakini ikweta ya sumaku, ule mstari ambapo mshazari ni sifuri, katika upande wetu wa Afrika hupita juu kabisa, huko Ethiopia. Kwa dira, Entebbe, Nairobi na Mombasa zote ni kusini.

Sasa turudi Unguja. Ni msimu wa kaskazi, na ndege huruka zikiukabili upepo, yaani kuelekea kaskazini, kisha zinageuka kurudi kusini. Rubani wetu anageuza kushoto, na kwa haraka anaamua kuirekebisha geji yake hapo hapo, kabla kona haijaisha. Ndege imefika 185 hasa, lakini dira imebaki nyuma inaonyesha kama 197, ukishatoa makosa ya chombo. Anaweka 197 kwenye geji. Kisha anaendelea kugeuka mpaka geji isome 185, na kunyoosha mabawa. Kweli yake sasa ni 173. Tukiuweka upepo kando, kosa hilo la digrii 12 kwa kilomita 73 litamweka kama kilomita 15 mashariki ya uwanja. Siku ya anga safi ataliona jiji na kucheka. Siku ya mawingu hatacheka.

Angegunduaje? Kwa kusubiri. Dakika moja baada ya kunyoosha mabawa, kwa mwendo usiobadilika, dira hutulia na kusema ukweli wake: 175, ambayo kwa kikaratasi chake ni 173. Geji inasema 185. Hapo ndipo geji hurekebishwa, wala si kabla.

Na geji nayo kwa nini isiaminiwe tangu mwanzo hadi mwisho? Ndani yake kuna jairo, gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushikilia mwelekeo wake hata ndege ikilala ubavu. Haliyumbi kwenye kona, ndiyo sababu rubani huifuata geji hii anapogeuka. Ila halijui kaskazini iko wapi. Linajua tu ulipoliweka. Msuguano wa beringi hulisogeza kidogo kidogo, na kusogea digrii 3 kwa robo saa hukubalika. Likisogea zaidi, fundi aitwe. Pampu ya hewa inayolizungusha ikifa, gurudumu hupungua kasi polepole na geji huanza kupotea, mara nyingi bila taa wala kengele. Dalili ya kwanza ni kutokubaliana na dira.

Ndege zenye vioo vya kisasa hufanya ulinganishaji huu zenyewe, lakini kijikopo cha dira bado kimo humo, kwa siku umeme utakapokatika. Kwa hiyo ukipewa kiti cha mbele, simu na spika yako usiviweke juu ya dashibodi. Chuma na sumaku vilivyomo havimo kwenye kikaratasi cha fundi.