Paka Mgeni Mwenye Jibu Chanya

Retrovirusi ni virusi ambavyo, vikishaingia ndani ya seli, hunakili vinasaba vyake na kuvipachika katika vinasaba vya seli hiyo, hali inayofanya iwe vigumu sana kwa mwili kuving'oa vyote. Kwa paka, viwili ndivyo vinavyopimwa kila mara: virusi vya lukemia ya paka, vilivyotambuliwa Glasgow mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake, na virusi vya upungufu wa kinga vya paka, vilivyogunduliwa California mwaka 1986. Virusi hivi haviambukizi binadamu, ingawa vile vya pili hujulikana mitaani kama "ukimwi wa paka". Kipimo cha haraka huvitafuta vyote kwa matone machache ya damu na katika kifaa kimoja, lakini hakitafuti kitu cha aina moja: kwa lukemia hutafuta protini ya virusi vyenyewe, iitwayo p27, na kwa upungufu wa kinga hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wa paka umewaunda dhidi ya virusi. Makosa mengi ya kusoma majibu hutokana na kuisahau tofauti hiyo.

Ichukuliwe mfano wa nyumba yenye paka wazima watatu wasiotoka nje, iliyompokea jike wa mwaka mmoja hivi, mwenye afya njema kwa kumtazama, ambaye siku tano baadaye kipimo kinaonyesha kuwa ana lukemia. Jibu hilo halitoshi kumhukumu. Iwapo katika paka 1,000 wenye afya ni 10 tu walioambukizwa, na kipimo kinapatia mara 98 katika 100, kwa walioambukizwa na kwa wasioambukizwa vilevile, basi wagonjwa karibu wote 10 watapata jibu chanya, lakini paka wapatao 20 wasio na virusi nao watapata jibu hilohilo. Kwa hiyo kati ya kila majibu matatu chanya, mawili ni ya uongo. Paka anapokuwa amekonda, ana ufizi mweupe au ametoka katika kundi lenye ugonjwa, hesabu hugeuka na jibu chanya huaminika zaidi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kurudia kwa njia nyingine: damu mpya hupelekwa maabara, ambako p27 hupimwa upya na vinasaba vya virusi vilivyojipachika katika seli hutafutwa. Jibu chanya likithibitishwa, bado hatima yake haijajulikana, kwa sababu kinga ya baadhi ya paka huvidhibiti virusi katika wiki au miezi ya mwanzo, p27 ikatoweka katika damu huku vinasaba vikibaki. Paka wa namna hiyo kwa kawaida haambukizi wenzake, ila hafai kutoa damu, na virusi vinaweza kuamka kinga yake ikidhoofika. Ndiyo maana mgeni huyu hupimwa p27 tena baada ya wiki 6, na ikibidi hadi wiki 16. Ikiendelea kuonekana wakati wote huo, huhesabiwa kuwa mwambukizaji wa kudumu.

Wakati huohuo mgeni hukaa chumba chake, akiwa na bakuli na sanduku lake la mchanga, kwa kuwa virusi vya lukemia husafiri hasa kwa mate, katika kulambana na kula pamoja. Nje ya mwili havidumu, na sabuni ya kawaida huviua. Wenyeji watatu hupimwa mara moja, ingawa jibu hasi la siku hiyo huhusu maisha yao ya nyuma tu, kwani p27 huweza kuchukua hadi siku 30 kuonekana tangu maambukizi. Kipimo chenye uzito ni cha pili, na siku zake huhesabiwa tangu mara ya mwisho walipokutana na mgeni. Mlango ukiachwa wazi siku ya 25, hesabu huanza upya. Wakibaki hasi baada ya hapo, huchanjwa, lakini chanjo haimkingi kila paka, hivyo busara ni kuendelea kuwatenga na mwambukizaji wa kudumu.

Kama mstari uliotokea ungekuwa wa upungufu wa kinga, mambo yangekuwa tofauti. Kingamwili huhitaji takriban siku 60 kuonekana, na kitoto cha chini ya miezi 6 kinaweza kuwa nazo kwa kuzinyonya tu katika maziwa ya mama, bila virusi vyovyote. Kitoto hicho hurudiwa kipimo kikishapita umri huo. Virusi hivi huenezwa zaidi kwa kung'atana, kama wafanyavyo mapaka shume wanaogombea eneo, kwa hiyo paka waliohasiwa na wanaopatana mara nyingi huweza kuendelea kuishi nyumba moja.