Kunyanyua Chuma Hadi Mabegani: Lini Kocha Afundishe, Lini Aache

Katika Wadi ya Macalder/Kanyarwanda, Kaunti Ndogo ya Nyatike, baadhi ya vijana wa timu za mpira na voliboli hushinda wakibeba magunia ya mawe ya dhahabu kabla ya mazoezi ya jioni. Kwa hivyo kocha anayetaka kuwafundisha pawa klini ya kuanzia mapajani, yaani kunyanyua chuma kutoka hapo hadi mabegani kwa kasi, achague kwa uangalifu.

Zoezi hili hufunza nyonga, magoti na vifundo vya miguu kunyooka kwa pamoja na kwa haraka, kama mtu anavyoruka kupiga mpira wavuni. Anayeanza afundishwe kuanzia mwisho. Kwanza ashike chuma kitupu mabegani, viwiko vikielekea mbele, na achuchumae kidogo. Akimudu, ashushe chuma hadi juu kidogo ya magoti, asukume nyonga nyuma huku mgongo umenyooka, kisha aruke mikono ikiwa bado imenyooka. Hatua ya mwisho ni kuzungusha viwiko upesi na kupokea chuma mabegani, magoti yakikunjwa kidogo. Mizunguko mitano ya mara tatu yatosha; kasi ikipungua, asimamishwe.

Kosa la kwanza ni kukunja mikono mapema. Utalitambua chuma kinapokwenda mbali na mwili na mchezaji kutua akiwa amesogea mbele. La pili ni viwiko kubaki chini, hivyo uzito wote huishia kwenye vifundo vya mikono.

Hapo ndipo chuma cha makopo ya saruji huleta tatizo. Kwenye chuma cha mashindano, ncha zinazobeba uzito huzunguka zenyewe mikono inapogeuka. Makopo ya saruji yameganda kwenye chuma, kwa hivyo mikono hulazimika kuyageuza pia. Isitoshe, mchezaji akishindwa hawezi kuyaachilia yaanguke bila kupasuka au kumwumiza mtu.

Chukua mchezaji wa voliboli aliyebakiwa na wiki tatu kabla ya mashindano, na timu yake ina chuma cha saruji pekee. Asifundishwe kupokea mabegani. Muda huo ni mfupi mno. Aruke bila uzito, mizunguko minne ya mara tano, akitua kimya na kupumzika dakika mbili kila mzunguko. Siku nyingine asimame na kurusha mfuko wa mchanga wa kilo 4 juu na mbele kwa mikono miwili, mara tano. Nyonga bado zitanyooka kwa kasi, bila hatari ile ya mikono.

Anayeumwa mgongo baada ya kubeba magunia asinyanyue wala kurusha siku hiyo. Maumivu yakishuka mguuni au yakiambatana na ganzi, aende kituo cha afya.